Kwenda Kukagua Mbao Mafinga

Ukitaka mbao za paini kutoka Mafinga, usiridhike na picha za simu. Panga kwenda siku mashine zinapasua. Muuzaji akikubali tarehe, mwombe jina na namba ya msimamizi aliyepo kiwandani, kwa sababu mwenye mali huenda yuko Dar es Salaam, na mlinzi hafungui geti bila jina la mwenyeji. "Ukifika stendi piga simu" hayo si maelekezo, hasa mashine ikiwa msituni ambako mtandao hukatika. Uliza: ukitokea Iringa unakata kushoto au kulia, kwenye alama gani, na mvua ikinyesha njia inapitika? Beba tepu yako. Mbao ya mbili kwa nne mara nyingi hupungua.