Kimya cha Mlinzi wa Kurasa

Tuseme kijana wako anatafuta kazi ya uhasibu, naye kila asubuhi hufungua kurasa za ajira za ofisi 30. Akitumia dakika tatu kwa kila moja, saa moja na nusu imekwisha, na aghalabu hakuna jipya. Kazi hiyo yaweza kufanywa na programu, maadamu mwenyewe ajue kuipima.

Na aanze na mlisho, yaani orodha ya matangazo ambayo tovuti huitoa ili isomwe na programu nyingine. Tovuti nyingi zimejengwa kwa WordPress, nazo kwa kawaida huutoa mlisho huo mtu anapoongeza neno hili mwishoni mwa anwani:

```
/feed/
```

Ikipatikana orodha badala ya taarifa ya kosa, anwani hiyo aiingize katika programu ya kusomea milisho, kama vile Feedly. Lakini kwanza alinganishe. Zipo tovuti ambazo huweka habari katika mlisho na kuziacha nafasi za kazi nje. Ikiwa nafasi aionayo kwenye ukurasa haimo katika mlisho, mlisho huo haumfai.

Ofisi zisizo na mlisho huhitaji mlinzi, yaani programu inayoufungua ukurasa kwa vipindi na kuulinganisha na ulivyokuwa awali. Distill Web Monitor, inayoongezwa kwenye kivinjari cha kompyuta, ni mojawapo. Hapo hana budi kuteua sehemu ya orodha ya kazi peke yake. Akiuteua ukurasa mzima, tarehe ya leo au hesabu ya wageni itampigia kengele za bure, naye mwishowe atazipuuza zote, hata ile ya kweli. Ikiwa matangazo hukaa wazi wiki mbili, kuangalia mara mbili kwa siku kwatosha. Akumbuke pia kwamba ulinzi unaofanyika ndani ya kivinjari husimama kompyuta inapozimwa.

Hatari kubwa kuliko kengele za bure ni kimya. Kurasa nyingine hufunguka tupu kwanza, kisha ndipo orodha ya kazi huletwa. Programu inayosoma maandishi ya mwanzo tu huona kichwa cha ukurasa na anwani ya ofisi, vitu visivyobadilika, nayo hukaa kimya miezi na miezi huku nafasi zikitangazwa na kufungwa. Dawa yake ni kuitazama nakala ambayo mlinzi ameihifadhi: je, limo jina la kazi linaloonekana kwenye ukurasa sasa hivi? Kama halimo, mlinzi huyo ni kipofu.

Tena, tovuti ikijengwa upya, sehemu iliyoteuliwa yaweza kutoweka. Kwa hiyo kila Jumapili kijana azifungue mwenyewe kurasa tano, kwa zamu, hata zote 30 zimalizike katika wiki sita. Akikuta tangazo ambalo hakuarifiwa, amteue mlinzi upya siku hiyo hiyo.