Mshono Unaojificha Kwenye Maua

Gauni la lesi likaguliwe ubavuni, chini ya kwapa. Hapo ndipo utaona mstari mzito ukishuka hadi chini, na ua lililokatwa nusu likikutana na jani lisilo lake. Lesi hupitisha mwanga, kwa hiyo mshono wa kawaida uliopigwa ovaloki huonekana nje hata ukishonwa kwa ustadi. Fundi anayeijua lesi hukilaza kipande kimoja juu ya kingine, kisha hushona kwa kufuata ukingo wa maua.

Tuchukue lesi ya maua yaliyotariziwa juu ya wavu. Kabla ya kuigusa, bitana ishonwe kwanza na mteja aijaribu, kwa sababu lesi ikishaunganishwa haitabaki nafasi ya kupanulia. Kisha lesi hutandazwa bila kukunjwa, uso ukiwa juu, na patani ya karatasi inayopitisha mwanga husogezwa juu yake mpaka maua yakae vizuri. Ua kubwa lisiangukie ncha ya titi moja. Lishuke katikati ya kifua, au yawe mawili yanayolingana kushoto na kulia. Kusogeza huku hula kitambaa: ua likijirudia kila baada ya sentimita 40, nunua zaidi kwa angalau kiasi hicho. Fundi anayekubali kitambaa cha kubana amekwishaamua kukata maua ovyo.

Chaki hupotea kwenye matundu, hivyo mstari wa mshono huwekwa kwa uzi wa rangi. Kwenye kipande cha mbele, ua lolote linalovuka mstari huachwa zima, na mkasi huzunguka petali zake. Cha nyuma huachiwa sentimita tatu hivi nje ya mstari. Mistari miwili ikipandana, maua ya mbele hulala juu ya nyuma. Shikiza kwa uzi, mvalishe mteja, ndipo ushone kwa mkono au kwa zigizaga nyembamba kwenye ukingo wa petali.

Baada ya hapo geuza gauni, upunguze lesi ya chini hadi milimita tatu kutoka kwenye mshono. Wavu haufumuki, kwa hiyo ovaloki haihitajiki. Ua likilalia ua jingine pakawa na nundu, ondoa la chini. Palipobaki uwazi, kata ua kwenye masalio ulibandike. Ndiyo maana masalio ya lesi hayatupwi kabla gauni halijachukuliwa.

Liinue gauni dirishani. Ukiona kivuli kilichonyooka, kuna mahali ambapo tabaka la chini halijapunguzwa. Pasi ipite ndani, isiwe ya moto sana, maua yakiwa yamelalia taulo, la sivyo tarizi itabonyea. Zipu haijifichi hivi: yenyewe huhitaji ukingo ulionyooka, na ni afadhali ikae mgongoni juu ya bitana.