Video ya Harusi na Daftari la Michango: Nani Ashike Kalamu?

Harusi imepita Jumamosi. Jumatano, mpiga video wa Sinza ana faili la gigabaiti 9 kwenye kompyuta yake, na simu ya mama wa bibi harusi haikatiki: "Mwanangu, video yetu iko wapi?" Kwa Gmail haipiti, maana kiambatisho kinaishia megabaiti 25. WhatsApp inapokea faili lililotumwa kama hati mpaka gigabaiti 2. Likitumwa kama video ya kawaida linabanwa, na nyuso zinatoka na ukungu. Kinachobaki ni kuipandisha mara moja kwenye hifadhi ya mtandaoni, tuseme Google Drive, kisha kutuma kiungo.

Kupandisha kunataka subira. Kwa intaneti inayopandisha megabiti 10 kwa sekunde, gigabaiti 9 huchukua kama saa 2. Nafasi ya bure ni gigabaiti 15, nayo inagawanywa na barua pepe na picha za mwenye akaunti, kwa hiyo harusi mbili za ukubwa huo haziingii. Anayefungua kiungo halipii nafasi hiyo. Yeye anakula bando lake tu.

Faili likishapanda, hakuna anayeliona isipokuwa mwenyewe. Ukibonyeza "Share" unakutana na maswali mawili ambayo watu wengi huyajibu kama moja. La kwanza: nani aingie? Unaweza kuandika barua pepe za watu mmoja mmoja na kuacha palipoandikwa "Restricted", au ukachagua "Anyone with the link", yaani yeyote atakayeangukiwa na kiungo. La pili: akishaingia afanye nini? "Viewer" anatazama, "Commenter" anaacha maoni pembeni, "Editor" anashika kalamu.

Katika harusi yetu hii, katibu wa kamati alikuwa na folda moja mtandaoni, na ndani yake jedwali la michango. Mweka hazina alilalamika kwamba hawezi kuandika. Katibu, akiwa njiani kwenye daladala, akaifungua folda nzima kwa "Anyone with the link" na "Editor", akabandika kiungo kwenye kundi la ndugu na marafiki. Mpiga video naye akapewa folda hiyohiyo apandishie video yake.

Kosa halikuwa la mtu aliyeandika vibaya, lilikuwa la mlango. Kilichomo ndani ya folda hurithi ruhusa ya folda, kwa hiyo kundi zima likapata kalamu ya jedwali. Asubuhi, ahadi ya shangazi ya shilingi 300,000 ilisomeka 30,000. Pengine kidole tu kiligusa simu. Shangazi hakuliona hivyo.

Kumtafuta mhusika hakukuzaa kitu, kwa sababu anayeingia kwa kiungo bila akaunti huandika bila jina. Lakini tarakimu ilipatikana. Jedwali la Google hutunza sura zake za nyuma: katibu alifungua "Version history", akachagua la jioni iliyotangulia, 300,000 ikarudi. Video nayo ilikuwa hatarini kwa namna nyingine. Mhariri wa folda anaweza kuiondoa humo. Haifutiki, kwa kuwa mwenye mali ni aliyeipandisha, na ni nafasi yake inayoliwa, ila ndugu wote wangekuta folda tupu.

Marekebisho yalichukua dakika chache. Folda ilirudishwa "Restricted". Jedwali likabaki na wahariri wawili, katibu na mweka hazina, kila mmoja kwa barua pepe yake. Sasa kiungo hicho kikisambazwa, mtu mwingine anakutana na ombi la ruhusa, si jedwali. Video ikahamishiwa folda ya peke yake: "Anyone with the link", "Viewer". Kwa video ya harusi hilo linatosha, maana kumdai bibi wa Tanga awe na akaunti ndipo aone mjukuu wake akiolewa ni kumtesa.

Mipangilio miwili zaidi hujificha kwenye alama ya gurudumu, juu ya dirisha la kushiriki. Mmoja unawaruhusu wahariri kualika wengine. Usipouzima, mweka hazina anaweza kumpa kalamu amtakaye. Mwingine unawaondolea watazamaji kitufe cha kupakua, ingawa hauzuii mtu kupiga picha ya kioo chake.

Kabla ya kubandika kiungo kwenye kundi, kifungue kwanza katika dirisha la "Incognito", ambamo hujaingia kwa akaunti yako. Utakachokiona humo ndicho atakachokiona mgeni, na kama unaweza kuandika, naye ataandika.