Ziada ya Ushirika: Nani Alipe Kodi, Chama au Mwanachama?

Mkulima wa mahindi katika jimbo la Iowa, Marekani, anaweza kufungua bahasha kutoka kwa chama chake cha ushirika akakuta hundi ya dola 600, na pamoja nayo karatasi inayomwarifu kwamba mgao wake wa mwaka ni dola 3,000. Hizo dola 2,400 zilizobaki zimeandikwa kwa jina lake katika vitabu vya chama, lakini hawezi kuzitumia. Msimu wa kodi ukifika, serikali itamhesabia kipato cha dola 3,000 zote. Hakuna aliyekosea hesabu. Ndivyo sheria ilivyotungwa mwaka 1962, baada ya mvutano wa miaka mingi juu ya swali ambalo kila nchi yenye ushirika hulazimika kulijibu.

Swali lenyewe linatokana na jinsi chama cha ushirika kinavyogawa ziada yake. Mwaka 1844 watu wachache wa mji wa Rochdale, Uingereza, walifungua duka katika mtaa wa Toad Lane wakiuza siagi, sukari, unga na mishumaa. Waliuza kwa bei ya kawaida ya soko. Mwisho wa kipindi, baada ya kutoa gharama na riba ndogo ya mtaji, kilichobaki kiligawiwa wanachama kwa kadiri kila mmoja alivyonunua dukani. Aliyenunua mara mbili ya jirani yake alipata mgao mara mbili ya jirani yake, hata kama hisa zao zilikuwa sawa.

Hapo ndipo ushirika unapoachana na kampuni. Kampuni humlipa mwenye hisa kwa sababu ameweka mtaji. Ushirika humrudishia mwanachama kwa sababu amefanya biashara na chama. Duka likimuuzia sukari kwa bei inayozidi gharama, kisha likamrudishia kilichozidi, ni vigumu kusema kuna mtu aliyepata faida. Mwanachama amerudishiwa fedha yake mwenyewe. Kwa wakulima mambo huenda kinyumenyume lakini hoja ni ileile: chama hupokea mazao, humpa mkulima malipo ya awali, huuza, kisha humwongezea kilichobaki. Mkulima wa kahawa au pamba wa Tanzania anayafahamu haya kwa jina la malipo ya pili.

Kwa kampuni ya kawaida, kodi hutozwa mara mbili. Faida hukatwa kodi mikononi mwa kampuni, na gawio hukatwa tena likimfikia mwenye hisa. Watetezi wa ushirika walisema, na kwa haki, kwamba ziada inayorudi kwa mwanachama kulingana na biashara yake haipaswi kupitia mlango huo wa kwanza. Itozwe mara moja tu, kwa yule aliyeipata. Mamlaka ya kodi ya Marekani ilikubaliana na hoja hiyo tangu zamani, ikaviruhusu vyama kuondoa migao ya wanachama katika hesabu ya mapato yao.

Tatizo lilikuwa namna ya kulipa. Chama cha wakulima kinahitaji maghala, malori na mitambo ya kukaushia nafaka, na wanachama wake si matajiri wa kuchangia mtaji kila mwaka. Kwa hiyo vyama vingi havikutoa fedha taslimu. Viliwapa wanachama hati zinazosema una kiasi fulani kwetu, tutakulipa bodi itakapoona inafaa. Chama kilibaki na fedha, mwanachama akabaki na karatasi. Baada ya miaka kumi, kumi na mitano au zaidi, hati za zamani zililipwa kwa fedha za ziada mpya, na wanachama wa sasa wakawa ndio wanaobeba mtaji.

Mwaka 1951 Kongresi ya Marekani iliondoa msamaha mpana ambao vyama vya wakulima vilikuwa vikiufaidi. Nia ilikuwa wazi: kila dola ya ziada itozwe kodi, ama kwa chama ama kwa mwanachama. Serikali iliamini kwamba mwanachama anayepokea hati ya dola 100 atatozwa kwa dola 100. Mahakama haikukubali. Mwaka 1957, katika kesi ya Long Poultry Farms, kampuni ya wafugaji wa kuku, mahakama ya rufaa iliamua kwamba kiasi alichoandikiwa mwanachama katika vitabu vya ushirika si mapato yake, maana malipo yalitegemea hiari ya bodi na huenda yasije kabisa. Uamuzi kama huo ulikwisha kutolewa mwaka 1955 katika kesi ya Carpenter.

Kwa mwanachama uamuzi huo ulikuwa wa haki. Haiwezekani mtu alipe kodi kwa karatasi asiyoweza kuiuza wala kuipeleka benki. Lakini chama nacho kilikuwa kimekwisha kuondoa kiasi hichohicho katika mapato yake. Matokeo yake, fedha halisi iliyokuwa ikijenga maghala haikutozwa kodi popote, na wafanyabiashara wa nafaka walioshindana na ushirika walikuwa na sababu nzuri ya kulalamika.

Sheria iliyotiwa saini Oktoba 1962 ilitafuta njia ya katikati, na ndiyo inayotumika hadi leo. Chama kinaweza kuondoa mgao katika mapato yake hata kama sehemu kubwa ni karatasi, mradi angalau asilimia 20 ilipwe kwa fedha au hundi, na mwanachama awe amekubali kuhesabiwa mgao wote kuwa kipato chake. Kukubali huko kuna njia tatu. Anaweza kusaini fomu. Anaweza kuwa amejiunga au kubaki katika chama ambacho masharti yake yanasema hivyo, akiwa amepewa nakala ya masharti hayo. Au anaweza tu kuipeleka hundi benki, ikiwa hundi yenyewe imeandikwa kwamba kuitoa fedha ni kukubali. Katika njia hii ya tatu, hundi isipotolewa fedha ndani ya siku 90 baada ya muda wa kulipa migao kufungwa, ule mgao wote wa mwanachama huyo hukosa sifa na chama hutozwa kodi yake. Muda wa kulipa nao una ukomo: miezi minane na nusu tangu mwaka wa hesabu ulipoisha.

Tuchukue chama cha mfano. Kimepokea tani 20,000 za mahindi kutoka kwa wanachama na tani 5,000 kutoka kwa wakulima wasio wanachama. Mwisho wa mwaka ziada ni dola 250,000, sawa na dola 10 kwa kila tani. Dola 50,000 zilizotokana na wasio wanachama hazina wa kurudishiwa, kwa hiyo chama hulipa kodi ya kampuni ya asilimia 21, yaani dola 10,500. Dola 200,000 za wanachama zikigawiwa kwa utaratibu wa sheria, chama hakilipi kitu juu yake. Kama biashara hiyohiyo ingefanywa na kampuni, kodi ya awali ingekuwa dola 52,500, na wenye hisa bado wangetozwa juu ya gawio lao.

Mkulima aliyeleta tani 300 ana mgao wa dola 3,000. Chama kinampa asilimia 20, ambayo ni dola 600. Akiwa katika daraja la kodi la asilimia 22, anadaiwa dola 660. Ametoa dola 60 mfukoni, na bado kuna mchango wa hifadhi ya jamii ambao mkulima aliyejiajiri hulipa juu ya mgao huohuo. Ndiyo maana wanachama wanaojua hesabu husimama kwenye mkutano mkuu kudai sehemu ya fedha taslimu iwe kubwa kuliko kile kiwango cha chini cha sheria. Dai hilo lina msingi. Asilimia 20 inakisaidia chama kukuza mtaji, lakini kwa mkulima wa daraja hilo haitoshi hata kulipia kodi aliyosababishiwa.

Sheria imeacha njia nyingine. Chama kinaweza kutoa hati ambayo mwanachama hatozwi akiipokea. Chama chenyewe hulipa kodi mwaka huo, kisha siku hati inapolipwa kwa fedha, chama hupunguziwa kodi na mwanachama ndipo anapohesabiwa kipato. Kodi inabaki ya mara moja, ila inafuata fedha inapokwenda. Thamani ya njia hii huonekana chama kinapoanguka. Farmland Industries ya Kansas City, iliyokuwa miongoni mwa vyama vikubwa kabisa vya wakulima Marekani, ilifilisika mwaka 2002, na vyama vidogo vilivyoimiliki vilibidi kufuta katika vitabu vyao mtaji wa karatasi uliokuwa umerundikwa kwa miaka. Aliyelipa kodi juu ya hati kama hiyo anaweza kudai hasara, lakini kodi aliitoa miaka mingi kabla.

Chama kinaweza pia kuupoteza unafuu wote kwa uzembe wa makaratasi. Mgao ukigawiwa kwa idadi ya hisa badala ya tani zilizoletwa, huo ni gawio la mtaji, na kwa chama cha kawaida hauondolewi katika mapato. Bodi ikikaa baada ya mwaka kwisha na kuamua kwa hisani yake kuwagawia wanachama, nayo imechelewa. Wajibu wa kugawa lazima uwe umeandikwa katika masharti kabla mahindi hayajafika ghalani, kwa sababu hoja nzima ni kwamba fedha hiyo haikuwa ya chama tangu mwanzo.

Kenya ilichagua mstari mkali zaidi. Kifungu cha 19A cha sheria yake ya kodi ya mapato kinaviruhusu vyama vinavyohusika kuondoa bonasi na gawio katika mapato, lakini kile tu kilichotangazwa na kulipwa kwa wanachama kwa fedha au kwa hati ya kuagiza malipo ya fedha. Kuandikiwa jina kitabuni hakutoshi. Chama kinachotaka kubakiza ziada kijenge kiwanda cha maziwa kitatozwa kodi juu ya kile kinachobakizwa, na mwanachama hatadaiwa kwa fedha asiyoiona. Sakko zina kanuni yake: riba wanayolipa wanachama kwa mikopo yao haitozwi kodi ya mapato ya chama, bali riba inayotoka nje, kama ya akiba ya benki, ambayo nusu yake ndiyo huhesabiwa. Mwanachama wa Sakko iliyowekeza kwingi nje anaweza kuiona tofauti hiyo katika hesabu zilizokaguliwa, pale riba ya mikopo ya wanachama na mapato ya uwekezaji yanapoandikwa mistari miwili mbalimbali na kodi ikakokotolewa chini ya mmoja tu.