Kioo cha Holmiamu na Ushahidi wa Vilele

Spektrofotomita ikionyesha nanomita 361, nani ajuaye kwamba mwanga upitao ndani yake ni huo kweli? Shahidi ni kipande cha kioo chenye oksidi ya holmiamu, elementi iliyopewa jina la Kilatini la mji wa Stockholm. Kioo hiki hufyonza mwanga katika mikanda myembamba, na cheti chake hutaja mahali pa kila kilele.

Mpimaji huiacha mashine ipate joto, hupima hewa tupu iwe msingi, kisha hukiweka kioo na kusoma vilele polepole, mwanya ukiruhusu upana wa nanomita moja tu. Mwanya ukipanuliwa, vilele jirani huanza kumezana, na kilele huonekana kimehama ilhali kipimo hakina kosa. Hapo ndipo mashine nyingi husingiziwa.

Chukua mfano: cheti kinataja 360.9, 453.6 na 536.5, mashine inasoma 362.4, 455.1 na 538.0. Tofauti ni 1.5 kila mahali. Kipimo chote kimesogea, na fundi hurekebisha sifuri yake. Lakini tofauti zingekuwa 0.3, 1.0 na 2.0, kurekebisha sifuri kusingefaa kitu, kwani kosa linalokua kadiri urefu wa wimbi unavyoongezeka huelekeza kidole kwenye utaratibu unaozungusha kigawanya-mwanga.

Hata hivyo, jaribio hili hushuhudia mahali pa kilele tu. Usahihi wa kimo chake, yaani kiasi cha ufyonzaji, huhitaji kichujio kingine.