Emoji kwenye daftari la mtoto: Mzazi azisomeje?

Mwanafunzi wa darasa la tatu mjini Gisenyi, wilayani Rubavu, anarudi nyumbani na daftari lake la hesabu. Kando ya swali moja mwalimu amechora ngazi. Kando ya jingine amechora macho mawili. Hakuna "kumi kwa kumi" wala neno lolote la pongezi. Je, mtoto amefaulu au ameshindwa?

Alama hizo hazikuwekwa kujibu swali hilo. Zimewekwa kueleza ni jambo gani mtoto alifanye jioni hiyo.

Kwa nini picha badala ya maneno?

Mwishoni mwa 2019, Rwanda ilitangaza kwamba Kiingereza kitakuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Mjini Gisenyi, unaopakana na Goma, lugha zinazosikika majumbani ni Kinyarwanda na Kiswahili. Maoni marefu ya mwalimu yaliyoandikwa kwa Kiingereza huweza kumpita mzazi, hata akiwa na nia njema ya kusaidia.

Mfumo wa picha chache huziba pengo hilo, alimradi kila picha iwe na maana moja tu. Tuchukue mfano wa mfumo wenye alama nne:

✅ Njia na jibu ni sahihi, endelea.
👀 Njia ni sahihi, ila kuna kosa dogo, litafute.
🪜 Hatua moja imerukwa, irudie.
🗣️ Njia yenyewe haijaeleweka. Eleza kwa sauti ulivyofanya.

Swali moja, makosa matatu

Tuseme wanafunzi wamepewa swali la 402 kutoa 178. Jibu ni 224.

Mwanafunzi wa kwanza ameandika 242. Ukitazama daftari lake, alinakili 420 badala ya 402, kisha akatoa bila kosa. Huyu anapata macho.

Wa pili ameandika 234. Alikopa mia moja, akapata makumi kumi. Kisha akatoa kumi moja kwenda safu ya mamoja, lakini akasahau kwamba makumi yamebaki tisa. Huyu anapata ngazi.

Wa tatu ameandika 376. Katika kila safu alitoa tarakimu ndogo kutoka katika kubwa, bila kujali ipi iko juu. Huyu hajasahau hatua. Bado hajaelewa kukopa. Anapata kichwa kinachosema.

Kama wote watatu wangewekewa mkasi mwekundu, wangeonekana wamekosea sawasawa. Ilhali wa kwanza anahitaji dakika moja, na wa tatu anahitaji kufundishwa upya.

Mzazi afanye nini?

Mzazi hatakiwi kutoa jibu. Akiona macho, amwombe mtoto alinganishe swali na alichonakili. Akiona ngazi, amwombe asome hatua zake moja baada ya nyingine. Akiona kichwa kinachosema, amsikilize tu, kisha amwachie mwalimu kazi ya kurekebisha.

Hata mzazi asiyekumbuka kukopa anaweza kuhakiki jibu kwa kujumlisha: 224 na 178 hurudisha 402, lakini 376 na 178 huleta 554.

Kosa kubwa zaidi ni kuichukulia ngazi kama alama ya kufeli na kumwadhibu mtoto. Akiadhibiwa mara moja, kesho atanakili jibu la mwenzake ili apate ✅, na mwalimu hataliona tena tatizo lenyewe.

Mipaka ya emoji

Nyuso zinazocheka au kununa hazifai katika mfumo huu. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, walibaini kuwa watu waliotazama mchoro uleule wa emoji walitofautiana, takriban mara moja kati ya nne, iwapo unaonyesha hisia nzuri, mbaya au ya kati. Uso pia humhukumu mtoto, ilhali ngazi inahusu kazi yake.

Simu nayo ina matatizo yake. Emoji ya ngazi iliingizwa katika orodha ya kimataifa mwaka 2020, hivyo simu ya zamani huweza kuonyesha kisanduku kitupu. Ndiyo maana ni salama zaidi mwalimu kuchora alama kwa kalamu, na maana zake zibandikwe ndani ya jalada la daftari kwa Kinyarwanda.

Tena, kuongeza maksi kando ya picha huweza kuharibu kazi yake. Utafiti wa Ruth Butler nchini Israeli, uliochapishwa mwaka 1988, ulionyesha kuwa wanafunzi waliopewa maoni pekee walipiga hatua kuliko waliopewa maoni pamoja na maksi.

Alama ileile ikijirudia kwa majuma kadhaa katika aina moja ya maswali, basi picha haitoshi tena. Hapo mzazi achukue daftari aende kuonana na mwalimu.