Madai ya Bima ya Mazishi kwa Familia Zilizo Nje ya Nchi: Vielelezo Vinavyohitajika

Watanzania wengi waishio ughaibuni huwakatia wazazi wao bima ya mazishi, inayojulikana pia kama bima ya mkono wa pole. Msiba unapotokea, barua ya madai peke yake haitoshi. Kampuni ya bima hulipa baada ya kuthibitisha mambo matatu: kwamba kifo kimetokea, kwamba bima ilikuwa hai, na kwamba anayedai ndiye mwenye haki ya kulipwa.

Tuchukue mfano wa kijana aliyeko Muscat, Oman, aliyemkatia bima mama yake anayeishi Muheza, mkoani Tanga. Bima ilianza tarehe 1 Februari, ikiwa na kipindi cha kungoja cha miezi sita. Mama alifariki dunia nyumbani kwa maradhi tarehe 20 Septemba. Kwa kuwa kipindi hicho kilimalizika mwishoni mwa Julai na michango ililipwa bila kukatika, bima ilikuwa hai.

Familia iliambatisha kibali cha mazishi, na madai yakarejeshwa. Kibali huruhusu maziko tu. Uthibitisho unaotakiwa ni cheti cha kifo kinachotolewa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA). Kwa Tanzania Bara, kifo hutakiwa kuandikishwa ndani ya siku 30. Kikitokea hospitalini, taarifa hutolewa na hospitali hiyo. Kikitokea nyumbani, ndugu huanzia kwa mtendaji wa kijiji au kata.

Cheti kilipopatikana, kasoro ya pili ilionekana. Bima ilitaja jina la ukoo wa mume wa marehemu, ilhali cheti kilitaja jina la baba yake. Tofauti ya namna hii hurekebishwa kwa hati ya kiapo, inayoapwa mbele ya wakili au hakimu na mtu anayemfahamu marehemu, ikieleza kuwa majina yote mawili ni ya mtu mmoja.

Cheti cha kuzaliwa cha kijana huyo kilithibitisha uhusiano wake na marehemu. Kwa kuwa yeye ndiye mnufaika aliyeandikwa kwenye bima, hakuhitaji barua ya usimamizi wa mirathi. Hata hivyo, ili dada yake aliyeko Muheza awasilishe nyaraka kwa niaba yake, alisaini hati ya uwakilishi na kuithibitisha katika Ubalozi wa Tanzania mjini Muscat.

Barua yenyewe iwe fupi: itaje namba ya bima, jina la marehemu, tarehe na mahali pa kifo, uhusiano, akaunti ya malipo na orodha ya viambatisho. Mdai abaki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa. Madai yakikataliwa, aombe sababu kwa maandishi, kwani ndizo atakazoziwasilisha kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA) endapo hataridhika.